Akiba iko benki, deni linakula: lini utoe akiba ulipe mkopo?

Siku moja tulipokuwa hewani tukizungumzia mikopo ya wafanyabiashara wadogo, mama mmoja anayeuza mboga na ndizi Soko la Tengeru alipiga simu. Alisema ana shilingi 1,300,000 kwenye akaunti ya akiba, na hapo hapo anadaiwa na taasisi ya mikopo. Kila mwezi anahangaika kutafuta rejesho, na kuna miezi anapunguza mzigo wa sokoni ili lipatikane. Nikamuuliza kwa nini asitoe ile akiba akapunguza deni. Akajibu bila kusita: "Ile ni ya ada ya mtoto, baba. Siigusi."

Simu za namna hiyo hatujaacha kupata. Wanaopiga ni madereva wa watalii, walimu, wakulima wa kahawa wa Poli na Nkoaranga, na vijana wa bodaboda wa Ngaramtoni. Wote wana akiba wanayoilinda na deni linalowaumiza, na mifuko hiyo miwili hawajawahi kuiweka kwenye mizani moja. Makala hii inafanya hesabu hiyo kwa kutumia mfano wa mama wa Tengeru, na inaonyesha pia wakati ambapo akiba inapaswa kuachwa ilipo. Viwango vya mkopo wake tumevirekebisha kidogo ili hesabu iwe rahisi kufuata.

Mizani ya mwezi mmoja

Mwanzoni mwa Aprili mama alikopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Kiwango hicho si cha kubahatisha. Baada ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wakopeshaji wasiopokea amana za wateja waliwekwa kwenye Daraja la Pili chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Tanzania, na ukomo wa riba waliowekewa ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Wengi hutoza hapo hapo kwenye ukomo.

Rejesho lake la kila mwezi ni shilingi 142,000. Ndani yake shilingi 100,000 ni mkopo wenyewe na shilingi 42,000 ni riba.

Sasa tuangalie akiba. Kwa miaka ya karibuni akaunti za kawaida za akiba katika benki zetu zimekuwa zikitoa wastani wa karibu asilimia 3 kwa mwaka au pungufu. Tumpe mama asilimia 3 kamili. Shilingi 1,300,000 zitazaa shilingi 39,000 kwa mwaka mzima, yaani 3,250 kwa mwezi. Kwenye riba hiyo benki hukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kabla ya kukuwekea, kwa hiyo anabaki na kama shilingi 2,900.

Kwa maneno mengine, kila mwezi akiba inamletea mama shilingi 2,900 na mkopo unamtoa shilingi 42,000. Chanzo cha mkanganyiko ni namna riba hizi zinavyotajwa. Ya benki hutajwa kwa mwaka na ya mkopeshaji hutajwa kwa mwezi, hivyo sikio linasikia 3 na 3.5 na kuona kama zinakaribiana. Ukiipeleka riba ya mkopo kwenye mwaka unapata asilimia 42. Kabla ya kulinganisha chochote, ziweke riba zote mbili kwenye kipimo kimoja.

Ukiishia hapa utasema jibu ni rahisi: toa akiba, lipa deni leo. Mara nyingi jibu huwa hilo, lakini si kila mara. Inategemea mkopo wako unahesabiwaje.

Riba isiyopungua na riba inayopungua

Kuna namna mbili za kuhesabu riba ambazo utakutana nazo hapa Arusha.

Ya kwanza ni riba inayopungua. Kila mwezi riba hutozwa kwenye baki ya mkopo tu. Ulivyolipa sana, ndivyo riba inavyokuwa ndogo. Mikopo mingi ya benki kwa watumishi wenye mshahara iko hivi.

Ya pili ni riba isiyopungua, ambayo maafisa mikopo wengi huiita "flati". Hapa riba huhesabiwa kwenye kiasi ulichokopa siku ya kwanza, na hubaki hivyo hivyo hadi rejesho la mwisho. Mkopo wa mama wa Tengeru ni wa aina hii. Mwezi wa kwanza alikuwa na shilingi 1,200,000 za mkopeshaji akatozwa riba ya 42,000. Mwezi wa 12 atakuwa amebakiza shilingi 100,000 tu za mkopeshaji, na bado atatozwa 42,000 ile ile. Ukiutafsiri mkopo huo kwa lugha ya riba inayopungua, ile asilimia 3.5 inakuwa karibu asilimia 5.9 kwa mwezi.

Tofauti hii ndiyo inayoamua kama kulipa mapema kutakusaidia. Kwenye riba inayopungua, ukimaliza deni leo, riba ya miezi ambayo haijafika haipo, kwa sababu bado haijahesabiwa. Kwenye riba isiyopungua, riba ya mwaka mzima ilishajumlishwa siku uliposaini. Kama mkataba hausemi kwamba anayelipa mapema anasamehewa riba iliyobaki, mkopeshaji anaweza kukudai jumla yote. Hapo unatoa akiba yako mapema na hupati nafuu ya hata shilingi moja.

Jambo hili limewahi kunipata mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikopa kununua pikipiki ya kwendea kazini. Nilipopata fedha za mkupuo nikakimbilia kulipa mkopo wote nikiamini nimeokoa riba ya miezi mitano. Nilipokaa na mkataba nyumbani nikagundua nililipa riba yote ya miezi hiyo mitano, ila nililipa mapema zaidi. Sikuuliza kabla ya kutoa fedha.

Swali la kumuuliza mkopeshaji

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kwenda ofisini kwa mkopeshaji kabla ya kwenda benki. Tulimshauri mama wa Tengeru afanye hivyo mwanzoni mwa Agosti, akiwa ameshalipa marejesho manne. Baadaye alitusimulia mazungumzo yalivyokwenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikitaka kumaliza deni langu leo, ninalipa ngapi?"

Kijana akaangalia kompyuta. "Mama, umebakiza milioni moja, laki moja na thelathini na sita elfu."

"Hiyo ni pamoja na riba ya miezi ambayo haijafika?"

"Ndiyo mama, ni marejesho manane yaliyobaki."

"Sasa mimi sitakuwa na hela yenu miezi hiyo minane. Nikimaliza leo mnanisamehe riba kiasi gani?"

Kijana akaenda kumuuliza meneja.

Hilo swali la mwisho ndilo la msingi. Ukiuliza tu "nadaiwa ngapi", utapewa jumla ya marejesho yaliyobaki, na wala hutakuwa umedanganywa, kwa sababu ndicho kinachoonekana kwenye mfumo wao. Unatakiwa kuuliza kiasi cha kumaliza mkopo leo, ukitaka kikiwa kimetenganishwa mafungu matatu: mkopo wenyewe uliobaki, riba inayodaiwa hadi siku hiyo, na faini au ada ya kulipa mapema kama ipo. Omba iandikwe kwenye karatasi yenye tarehe na mhuri, na uulize karatasi hiyo itakuwa halali hadi lini.

Kwa mama wa Tengeru, mkopo wenyewe uliobaki ulikuwa shilingi 800,000, na riba ya miezi minane ijayo ilikuwa shilingi 336,000. Meneja angeweza kutoa moja ya majibu matatu.

Jibu la kwanza: riba yote iliyobaki inasamehewa. Mama analipa 800,000 na anaokoa 336,000. Anachopoteza ni riba ambayo hizo 800,000 zingezaa benki kwa miezi minane, ambayo baada ya kodi ni shilingi 14,400 tu. Faida yake inazidi shilingi 320,000. Hata kama kuna ada ya kulipa mapema, tuseme asilimia 5 ya mkopo uliobaki, hiyo ni shilingi 40,000, na bado anabaki na faida ya zaidi ya 280,000.

Jibu la pili: hakuna msamaha wowote, lipa 1,136,000. Hapo hakuna cha kuokoa. Akiba ibaki benki, mama aendelee kulipa kila mwezi kama kawaida. Fedha zake zina thamani zaidi zikiwa mkononi mwake kuliko kuzikabidhi mapema bure.

Jibu la tatu liko katikati: tunakusamehe nusu, au tunakata riba ya mwezi mmoja au miwili kama fidia halafu inayobaki tunaifuta. Hapa fanya hesabu ile ile. Chukua riba utakayosamehewa, toa ada, toa riba ya benki utakayoikosa. Kinachobaki ndicho unacholipwa kwa kuitoa akiba yako. Kama ni laki moja na zaidi kwa mkopo wa ukubwa huu, kinastahili kuzingatiwa. Kama ni elfu kumi, acha akiba ilale.

Mama wa Tengeru alipewa jibu la tatu kwa upole. Alitakiwa kulipa riba ya mwezi mmoja mbele, shilingi 42,000, pamoja na mkopo uliobaki. Jumla ikawa 842,000. Riba iliyofutwa ilikuwa shilingi 294,000.

Na ada ya mtoto je?

Tukumbuke alichosema mwanzo: fedha ile ni ya mtoto. Mtoto anaingia shule binafsi ya bweni Januari na anahitaji shilingi 900,000 za kuanzia. Hofu yake ilikuwa kwamba akitoa 842,000 sasa, Januari itamkuta na 458,000 tu.

Hofu hiyo ina haki yake, ila imesahau kitu kimoja. Deni likiisha, rejesho nalo linaisha. Zile shilingi 142,000 alizokuwa akizitafuta kila mwezi sasa hazina mtu anayezidai, na akiendelea kuzitafuta vile vile anaweza kuzipeleka kwenye akaunti yake. Tuhesabu kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Desemba, miezi mitano.

Akilipa deni: anaanza na 458,000 zilizobaki, anaongeza 142,000 mara tano ambazo ni 710,000. Januari anakuwa na shilingi 1,168,000 na hadaiwi na mtu.

Asipolipa deni: akaunti yake ina 1,300,000 pamoja na riba ya benki kama 14,600, jumla 1,314,600. Lakini bado anadaiwa marejesho matatu, shilingi 426,000. Ukitoa deni hilo, mali yake halisi ni 888,600.

Tofauti kati ya njia hizo mbili inakaribia shilingi 280,000, na katika njia zote mbili ada ya Januari inalipika. Akiba ya mtoto ilitoka kwa muda, ikafanya kazi ya kuzuia riba, kisha ikarudi.

Sharti la hesabu hii ni moja tu, nalo ni gumu: rejesho lazima liendelee kulipwa, safari hii kwenda kwenye akiba. Ukilipa deni kwa akiba halafu zile 142,000 zikayeyuka kwenye matumizi ya kila siku, Januari utakuwa na 458,000 na utarudi kwa mkopeshaji yule yule. Wengi wanaosema "nilitoa akiba nikalipa deni, nikabaki sina kitu" walikwamia hapa. Njia iliyomsaidia mama ni kubakiza siku ile ile ya rejesho. Tengeru gulio ni Jumatano na Jumamosi, na alikuwa amezoea kutenga fedha za rejesho kila Jumamosi. Aliendelea kutenga kila Jumamosi na kuweka benki siku ile ile ya mwezi aliyokuwa akienda kwa mkopeshaji. Mwenye mshahara anaweza kuiagiza benki ihamishe kiasi hicho yenyewe siku mshahara unapoingia.

Usikaushe kisima chote

Mama alibakiza 458,000. Je, angekuwa na akiba ya 842,000 kamili, angelipa zote? Hapana, na sababu nayo ni ya hesabu.

Mtu asiye na akiba kabisa akipatwa na ugonjwa usiku hana pa kukimbilia isipokuwa mkopo wa haraka, na mkopo wa haraka ndio ghali kuliko yote. Mikopo ya mtaani iliyopewa jina la "kausha damu" haifuati ule ukomo wa asilimia 3.5. Chukua mfano wa mkopo wa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi: riba pekee ni 60,000 kila mwezi. Ukikaa nao miezi mitano, riba yake inakuwa 300,000, yaani imekula faida yote uliyoipata kwa kulipa deni la kwanza mapema. Na dhamana yake huwa kadi ya benki, godoro, friji au kadi ya pikipiki.

Kwa hiyo kabla ya kutoa akiba, igawe mafungu mawili kwenye karatasi.

Fungu la kwanza ni dharura. Mwenye mshahara wa uhakika na bima ya afya anaweza kubakiza matumizi ya mwezi mmoja. Ambaye kipato chake kinafuata msimu abakize zaidi. Dereva wa watalii au mpagazi wa Mlima Meru anajua kwamba Aprili na Mei, mvua za masika zikinyesha, wageni hupungua. Akilipa deni kwa akiba yote mwezi Machi, anaingia kwenye miezi mikavu ya kipato akiwa mikono mitupu. Huyo asubiri, au alipe sehemu tu, kisha amalizie Julai au Agosti wageni wakiwa wengi. Mkulima wa kahawa naye ana kipindi kirefu kati ya malipo ya msimu mmoja na mwingine. Kwa watu hawa, matumizi ya miezi miwili hadi mitatu ndiyo kiasi cha kubakiza.

Fungu la pili ni malipo ambayo tarehe yake inajulikana na itafika kabla akiba haijarudi. Hapa mjini wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Kama kodi yako inaisha mwezi ujao, fedha hiyo haipo kwenye hesabu ya kulipa deni, hata kama bado inaonekana kwenye akaunti. Fanya vivyo hivyo kwa ada, na kwa mbegu na mbolea kama masika yamekaribia.

Kinachobaki baada ya kutoa mafungu hayo ndicho cha kupeleka kwenye deni. Kama hakitoshi kumaliza mkopo wote, uliza kama unaruhusiwa kulipa sehemu. Kwenye riba inayopungua kulipa sehemu kunasaidia, lakini omba muda wa mkopo ufupishwe, rejesho libaki lile lile. Ukiomba rejesho lipunguzwe na muda ubaki ule ule, utapata nafuu ya kila mwezi lakini riba utakayookoa itakuwa ndogo zaidi. Kwenye riba isiyopungua, kulipa sehemu mara nyingi hakubadilishi riba hata kidogo. Hapo ni afadhali kusubiri hadi uweze kumaliza wote.

Wakati wa kuiacha akiba ilipo

Tumeshaona hali moja: mkopo wa riba isiyopungua ambao mkopeshaji hasamehi kitu. Kuna nyingine tatu.

Kwanza, tofauti ikiwa ndogo. Mikopo ya benki kwa miaka ya karibuni imekuwa na wastani wa riba ya asilimia 15 hadi 16 kwa mwaka. Mwalimu mwenye mkopo wa namna hiyo, kila shilingi 1,000,000 atakayotoa kwenye akiba na kulipia deni itamwokolea karibu 160,000 kwa mwaka na kumkosesha 27,000 za riba ya benki. Ni faida, lakini si moto wa kuzima leo. Anaweza kujaza kwanza fungu la dharura, halafu ndipo apunguze mkopo. Mwenye mkopo wa asilimia 3.5 kwa mwezi hana nafasi hiyo ya kungoja.

Pili, akiba ikiwa imefungwa. Hisa za VIKOBA hutoka siku ya mgawo, si kabla. Akiba ya SACCOS kwa kawaida ndiyo dhamana ya haki yako ya kukopa, na kuitoa yote mara nyingi humaanisha kujitoa uanachama. Amana ya muda maalumu ukiivunja kabla ya tarehe unapoteza riba yote au sehemu yake. Katika hali hizi fikiria kinyume: badala ya kuitoa akiba, itumie kukopa kwa bei nafuu. Kama SACCOS yako inakopesha kwa riba inayopungua ya asilimia 1 au 1.5 kwa mwezi, mkopo huo unaweza kumaliza ule wa asilimia 3.5, mradi umeshapata ile karatasi inayosema utasamehewa riba kiasi gani. Bila karatasi hiyo unaweza kujikuta na mikopo miwili.

Tatu, mkopo wa riba inayopungua ukiwa umebakiza marejesho mawili au matatu. Riba iliyobaki ni ndogo, na ada ya kulipa mapema inaweza kuimeza yote. Malizia kama kawaida.

Kuhusu mikopo midogo ya kwenye simu, soma masharti yake tofauti. Mingi hukata ada ya kuanzia mara moja, na hiyo haikwepeki hata ukilipa baada ya saa moja. Lakini yenye ada ya kila siku huacha kuhesabu siku unapolipa. Mkopo wa simu wa elfu hamsini unaotozwa kila siku, wakati una laki tatu benki, ulipe leo. Na kama una madeni kadhaa, anza na lile lenye riba kubwa kwa mwezi, hata kama si kubwa kwa kiasi.

Ukishalipa, usiondoke na risiti peke yake

Mama wa Tengeru alipomaliza alipewa risiti akataka kuondoka. Mwanawe akamwambia asubiri. Risiti inaonyesha umelipa fedha, haisemi kwamba mkopo umefungwa. Unachohitaji ni barua ya kumaliza deni yenye jina lako, namba ya mkopo, tarehe, na maneno kwamba hudaiwi tena. Bila barua hiyo, ile riba iliyosamehewa inaweza kubaki kwenye mfumo kama deni, na miezi mitatu baadaye ukapigiwa simu ya kudaiwa faini.

Chukua pia dhamana uliyoweka, iwe ni kadi ya pikipiki, hati ya kiwanja au mkataba wa kibanda. Waarifu wadhamini wako kwamba wako huru. Kisha baada ya mwezi mmoja au miwili, omba taarifa yako kutoka taasisi ya kumbukumbu za mikopo, kama Creditinfo au Dun na Bradstreet, uone kama mkopo umeandikwa umefungwa. Huko ndiko benki huangalia siku utakapotaka kukopa tena.

Mkopeshaji akikataa kukupa mchanganuo wa deni, au akitoza zaidi ya kilichoandikwa kwenye mkataba, peleka malalamiko kwake kwa maandishi kwanza na ubakize nakala yenye mhuri. Asipokujibu au usiporidhika, Benki Kuu ndiyo inayopokea malalamiko dhidi ya taasisi zilizo chini ya leseni yake, na ina tawi hapa Arusha. Asiye na leseni kabisa ni suala la polisi, na ndiyo sababu kuuliza leseni kunapaswa kutangulia kusaini.

Januari ilipofika, mama alitupigia tena. Ada ya awamu ya kwanza ilikuwa imelipwa na akaunti ilikuwa bado na laki mbili na ushee. Nikamuuliza kama atakopa tena kwa ajili ya mtaji wa masika. Akasema labda, ila safari hii kabla ya kuuliza atapewa ngapi, atauliza kwanza akilipa mapema atasamehewa ngapi.